Asilimia 5 ndani ya siku 30: kuandika upya mpango wa kuboresha utendaji wa afisa mikopo

Barua nyingi za mpango wa kuboresha utendaji wanazopewa maafisa mikopo zina sehemu mbili tu. Ya kwanza inataja asilimia ya mikopo iliyochelewa inayotakiwa kushuka. Ya pili inataja kitakachompata mhusika isiposhuka. Katikati hapana kitu. Afisa anasaini nakala ya faili, anarudi mezani kwake, na hajui kesho asubuhi aanze na mteja yupi.

Mameneja wengi wanaotaka kuirekebisha barua ya namna hiyo huanza na maneno. Wanaondoa “hatutasita”, wanaweka “tunathamini mchango wako”, basi. Naona wanaanzia pasipostahili. Ukali wa barua hizi chanzo chake ni hesabu. Meneja aliyeweka lengo bila kuchambua limetoka wapi hana namna ya kumsaidia mtu alifikie, na asiye na msaada wa kutoa hubaki na vitisho. Hesabu ikikaa sawa, lugha nayo hupoa, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kuzungumza.

Nitautumia mfano mmoja niliouunda kwa mazingira ya Mbeya, ili tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Ni afisa mikopo wa kike katika tawi la taasisi ndogo ya fedha mjini Mbeya. Wateja wake wa mjini ni wafanyabiashara wa Mwanjelwa, Soweto na Kabwe, na wanarejesha kila wiki. Wengine ni wakulima wa mpunga wa Igurusi na Rujewa, wilayani Mbarali. Jumla ya mikopo anayoisimamia ni Sh milioni 240. Mwezi Februari amepewa barua hii:

“Utendaji wako umekuwa wa kiwango cha chini na mtazamo wako kuhusu kazi hauridhishi. Unatakiwa kushusha mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 kutoka asilimia 13 hadi asilimia 5 ndani ya siku 30, na kuongeza bidii katika ufuatiliaji. Ukishindwa, uongozi hautasita kusitisha ajira yako bila taarifa nyingine.”

Kwa haraka unaweza kudhani lengo hili linapimika. Lina namba ya kuanzia, namba ya kufikia na tarehe ya mwisho. Lakini namba pekee haitoshi. Lazima tujue inahesabiwaje, na ni sehemu gani yake iliyo mikononi mwa huyu dada.

Kipimo chenyewe, ambacho kwenye ripoti za mfumo huandikwa PAR 30, hakihesabu marejesho yaliyorukwa peke yake. Mteja akipitiliza siku 30, salio lote la mkopo wake linaingia kwenye hesabu. Asilimia 13 ya milioni 240 ni Sh milioni 31.2. Asilimia 5 ni milioni 12. Kwa hiyo barua inadai milioni 19.2 zitoke kwenye orodha ndani ya mwezi mmoja. Kabla ya kumdai mtu hivyo, meneja anapaswa kuifungua hiyo milioni 31.2 mkopo kwa mkopo, kazi ya mchana mmoja ukiwa na ripoti ya mfumo na mafaili ya wateja.

Katika mfano wetu inafunguka mafungu matatu. La kwanza ni mikopo 5 yenye salio la Sh milioni 9.6, iliyotolewa na afisa aliyekuwepo kabla yake. Imepita miezi 6 bila rejesho lolote, na wateja watatu kati ya hao wamehama. La pili ni mikopo 8 ya wakulima wa mpunga, Sh milioni 12. Hawa walipangiwa marejesho ya kila mwezi ilhali fedha yao huja mara moja, baada ya mavuno. Februari mpunga wa bonde la Usangu, huko Mbarali, ndiyo kwanza uko majini, na mavuno yanaanza kushika kasi Mei. La tatu ni mikopo 16 ya wafanyabiashara wa mjini, Sh milioni 9.6.

Sasa tuseme dada huyu amefanya maajabu, fungu lote la tatu likawa safi. Zitabaki milioni 21.6 za mafungu mawili ya kwanza, ambazo ni asilimia 9 ya milioni 240. Asilimia 5 ilikuwa haifikiki hata kabla barua haijachapwa, na aliyeiandika hakujua kwa kuwa hakufungua orodha. Katika hali hiyo onyo la kusitisha ajira haliwezi kumfanya mtu aongeze bidii. Linamfundisha kutafuta njia ya mkato.

Njia za mkato kwenye kipimo hiki zipo, na kila aliyekaa kwenye mikopo anazijua. Afisa anaweza kutoa mikopo mipya mingi, jumla ikapanda na asilimia ikashuka, wakati deni lililochelewa liko palepale. Anaweza kumpa mteja mkopo mpya wa kufunika wa zamani. Anaweza kumpangia ratiba mpya ili siku zianze kuhesabiwa upya. Wengine hulipa marejesho ya wateja kutoka mfukoni mwao mwisho wa mwezi, halafu wanahangaika na wateja hao pembeni. Mwingine anageuka mkali sokoni, anabeba jiko na televisheni ya mtu mbele ya majirani, na taasisi inaanza kuitwa kausha damu kama wale wakopeshaji wa mitaani. Meneja anayeona asilimia imeshuka ghafla huku makusanyo ya fedha taslimu hayajapanda ana sababu ya kutilia shaka. Aangalie mikopo mipya ya mwezi huo imekwenda kwa nani.

Kuandika upya kunaanza kwa kuyagawa yale mafungu. Fungu la kwanza linaondoka kwenye mpango wa dada huyu kabisa na kwenda kwa meneja wa tawi au kitengo cha urejeshaji. Kazi ya dada huyu ni kukabidhi mafaili yaliyokamilika. Fungu la pili lina tatizo la ratiba, na ratiba haikupangwa na afisa. Anachoweza kufanya ni kuandaa orodha ya wakulima 8: ekari alizolima kila mmoja, mwezi anaotarajia kuvuna, dhamana iliyopo, na kama shamba limeonekana kwa macho. Hilo ni lengo linalopimika, na uamuzi wa kusogeza marejesho hadi mavuno utafanywa na wenye mamlaka ya kuufanya.

Linabaki fungu la tatu, na hapa pana udhaifu wake wa kweli. Kuutaja wazi ni sehemu ya kumtendea haki. Daftari la ufuatiliaji linaonyesha kwamba mteja akiruka rejesho, dada huyu humtafuta kwa wastani siku ya 9. Utaratibu wa taasisi unasema ndani ya siku 2 za kazi. Katika mikopo ya kila wiki, siku 9 maana yake mteja ameshakosa rejesho la pili kabla hajasikia sauti ya mtu yeyote, na akifika hapo kulipa kunakuwa kuzito.

Kwa nini siku 9? Swali hili lazima liulizwe ana kwa ana kabla ya kuandika lolote, na liulizwe ili kujua.

“Dada, hebu niambie, mteja akiruka rejesho wewe unajua lini?”

“Bosi, orodha ya waliochelewa naipata Ijumaa jioni. Aliyeruka Jumatatu namjua siku ya tano. Halafu Jumanne na Alhamisi nakuwa Igurusi na Rujewa kwa wakulima.”

Jibu hilo fupi limeonyesha kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji ni ya ofisi. Orodha inachapwa mara moja kwa wiki, na siku mbili kati ya tano zinaishia barabarani kuwadai watu ambao kila mtu anajua hawatakuwa na fedha hadi wavune. Kilichobaki baada ya hapo, yaani siku kadhaa kati ya kupata jina na kumpigia simu mteja, ni chake, na atawajibika nacho.

Hatua hii ya kutafuta sababu ndiyo inayorukwa zaidi, ingawa kisheria si hiari. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinazungumzia utendaji duni katika kanuni ya 17 na ya 18. Zinauliza kama mfanyakazi alikijua kiwango anachotakiwa kukifikia, kama kiwango chenyewe ni cha haki, sababu za kushindwa ni zipi, na kama alipewa nafasi ya kutosha ya kujirekebisha. Zinamtaka mwajiri achunguze sababu, atoe mwongozo au mafunzo, na atoe muda unaolingana na kazi yenyewe na historia ya mfanyakazi. Na chini ya Sheria hiyo ya mwaka 2004, mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba usitishaji ulikuwa wa haki ni mwajiri. Barua ya Februari ya mfano wetu ingemsaidia mfanyakazi kuliko aliyeiandika.

Tuje kwenye lengo la fungu la tatu. Mchukue mteja mmoja wa Soweto mwenye salio la Sh 900,000 na rejesho la Sh 60,000 kwa wiki. Amekosa marejesho 7, la zamani zaidi lina siku 45. Kwenye ripoti, laki tisa zote zimehesabiwa kuwa zimechelewa. Ila ili atoke kwenye orodha hahitaji kulipa laki tisa, wala marejesho yote 7. Anahitaji kulipa yale yaliyopita siku 30, na hayo ni matatu: lenye siku 45, lenye siku 38 na lenye siku 31. Akilipa Sh 180,000 leo, la zamani zaidi linabaki na siku 24 na mkopo wote unatoka. Asipolipa wiki ijayo, anarudi palepale.

Hesabu hii ndogo inazaa mambo mawili kwenye mpango. Kwanza, inampa afisa maneno ya kwenda nayo sokoni. Ni rahisi zaidi kwa muuza mitumba kusikia “lipa marejesho mawili kila wiki kwa wiki tatu” kuliko “lipa deni lako lote”. Pili, inatupa muda wa haki. Katika ile mikopo 16, tuseme 9 yenye salio la Sh milioni 5.6 iko kati ya siku 31 na 60. Aliyechelewa zaidi katika kundi hilo ana marejesho 5 yaliyopita siku 30. Akilipa mawili kwa wiki, moja linashika nafasi ya wiki hiyo na moja linapunguza deni la nyuma, hivyo anatoka ndani ya wiki 5. Tukiongeza wiki 3 za kuona kama anashikilia, tunapata wiki 8. Siku 30 za barua ya kwanza hazikutoka kwenye hesabu yoyote.

Lengo lenyewe nitaliweka hivi: salio la ile mikopo 16, iliyoorodheshwa kwa namba, lishuke kutoka Sh milioni 9.6 hadi milioni 4.8 au chini ya hapo mwisho wa wiki ya 8. Wale 9 wote wakitoka, zitabaki milioni 4. Kuna nafasi ya laki nane, yaani ya mteja mmoja, au wawili wenye salio dogo, kushindwa kwa sababu ambazo afisa hazimudu, kama ugonjwa au duka kuungua. Nimeandika shilingi na siyo asilimia, ili kutoa mikopo mipya kusibadilishe kitu. Na inaandikwa wazi kwamba mkopo uliofunikwa kwa mkopo mpya, au uliopangiwa ratiba mpya bila kibali cha maandishi cha meneja, hauhesabiki kuwa umetoka.

Barua mpya ingesomeka hivi:

“Mazungumzo yetu ya tarehe ___ yameonyesha mambo mawili. Ofisi imekuwa ikikupa orodha ya waliochelewa mara moja kwa wiki, na hilo linarekebishwa kuanzia Jumatatu. Kwa upande wako, baada ya kupata orodha, wateja wengi wamekuwa wakitafutwa baada ya siku 2 zilizowekwa kwenye utaratibu wetu. Hapo ndipo tunataka mabadiliko.

Kwa wiki 8 tutapima mambo matatu. Kila mteja wa mjini aliyeruka rejesho atafutwe kwa simu au uso kwa uso ndani ya siku 2 za kazi, na alichoahidi kiandikwe daftarini. Tunatarajia 9 kati ya kila 10, kuanzia wiki ya 3. Salio la mikopo 16 iliyoambatishwa lishuke hadi Sh milioni 4.8 mwisho wa wiki ya 8. Orodha ya wakulima 8 wa Igurusi na Rujewa ikamilike mwisho wa wiki ya 3.

Ofisi itafanya yafuatayo. Utapata orodha kila siku ya kazi kabla ya saa 2 asubuhi. Mikopo 5 uliyorithi inaondolewa kwako leo. Safari za Mbarali zitakuwa siku moja kwa wiki hadi orodha ikamilike. Meneja atafuatana nawe kwa wateja wanne katika wiki mbili za mwanzo. Mafuta ya pikipiki yatatolewa kila Jumatatu. Ofisi ikikosa kutimiza mojawapo kwa siku kadhaa, siku hizo zitaongezwa kwenye muda wako.

Tutakutana kila Jumatatu kwa dakika 20. Malengo yasipofikiwa, tutakaa kikao, ukiwa na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kujadili hatua inayofuata, ambayo inaweza kuwa kubadilishiwa kazi au kusitishwa ajira.”

Neno “kusitishwa ajira” limo bado. Baadhi ya watu wa rasilimali watu wangelitoa kwa huruma, na mimi sikubaliani nao. Mtu ambaye kazi yake iko hatarini ana haki ya kujua, apange maisha yake na aulize maswali akiwa bado ana muda. Kumficha ni ukatili zaidi kuliko kumwambia. Tofauti na barua ya kwanza ni kwamba sasa limekuja mwisho, baada ya kazi na msaada kuelezwa, na limewekwa baada ya kikao. “Bila taarifa nyingine” imefutwa kwa kuwa ni ahadi ya kuvunja utaratibu.

Kilichofutwa kingine ni “mtazamo wako hauridhishi”. Mtazamo haupimiki, na mtu akiambiwa una mtazamo mbaya hana la kufanya kesho zaidi ya kujifanya mchangamfu. Kama nyuma ya neno hilo kulikuwa na tukio, kwa mfano alichelewa vikao vya Jumatatu mara kadhaa, liandikwe tukio hilo na tarehe zake. Kama hakuna tukio, lifutwe. “Kuongeza bidii” nayo imekwenda. Mahali pake pamekaa siku 2 za kazi na daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua.

Kifungu cha “ofisi itafanya” ndicho chenye uzito kuliko vyote katika sauti ya barua, na ndicho mameneja wanachokipinga zaidi, kwa sababu kinawafunga na wao. Ni sawa kiwafunge. Ripoti isipotoka saa 2 asubuhi kwa siku 6, lengo la siku 2 za kazi linakosa msingi, na itakuwa aibu kumlaumu afisa kwenye kikao cha wiki ya 8 kwa kosa la printa. Kwa meneja mwenye nia njema kifungu hiki ni kinga pia: anaonyesha alichoahidi na alichotimiza.

Kikao cha Jumatatu kiwe na karatasi moja. Iandikwe waliotafutwa kwa wakati ni wangapi kati ya wangapi, salio la mikopo 16 limefika wapi, nini kimekwamisha, na wiki hii kinabadilika nini. Wote wawili wasaini, kila mmoja abaki na nakala. Dalili ya kuharibika inaonekana mapema hapa: vikao vikianza kuahirishwa wiki ya 3, mpango umeshakufa hata kama barua iko kwenye faili. Meneja aangalie pia mfuatano wa namba mbili. Afisa akiwatafuta wateja kwa wakati na salio lisishuke, huenda mazungumzo yake na wateja ndiyo dhaifu, au mikopo yenyewe ilitolewa kwa watu wasiomudu. Hapo kufuatana naye sokoni kunaonyesha mengi kuliko ripoti.

Mpango huu hautibu kila kitu. Kama afisa amepokea fedha za marejesho mkononi na hakuziingiza, hilo ni kosa la kinidhamu lenye utaratibu wake, na kuliweka ndani ya mpango wa utendaji ni kulificha. Na kama uongozi umeshaamua mtu aondoke, barua nzuri kiasi hiki haitakiwi kuandikwa kabisa. Kumpa mtu wiki 8 za matumaini ambayo aliyeyatoa hayaamini ni kumdhulumu, hata akilipwa mshahara wa miezi hiyo miwili.

Wiki ya 8 mara nyingi haiji na jibu safi. Chukua kwamba dada wa mfano wetu anawatafuta wateja 9 kati ya 10 kwa wakati tangu wiki ya 4, ila salio limeishia Sh milioni 5.7. Amekosa lengo kwa laki tisa. Meneja mwenye haraka atasema ameshindwa. Mimi ningefungua orodha tena. Nikikuta kwamba pengo hilo ni la wateja kama yule wa Soweto, aliyelipa wiki 5 mfululizo kisha akafiwa na mumewe, ningeongeza wiki 4 kwa maandishi na sababu yake. Nikikuta ni wateja walioahidi kulipa, wakaandikwa daftarini, na ahadi zao hazikufuatiliwa tena, wiki 4 hizo zingekuwa na lengo jipya moja tu: kila ahadi iliyovunjwa ifuatiliwe siku inayofuata.